Shamba Katika Picha: Ni Kichanga, Tifutifu au Mfinyanzi?

Siku hizi udongo husafiri kwa simu. Shamba liko Kwimba, anayetaka kulinunua yuko Dar es Salaam, na dalali anatuma picha ya fungu lililochimbwa kwa jembe. "Udongo wenyewe ndio huo kaka, safi kabisa," anaandika chini yake. Mnunuzi anaikuza picha kwa vidole viwili, anaitazama rangi, kisha anaanza kuzungumzia bei. Rangi huwahi kuonekana kuliko kitu kingine chochote kwenye picha, na hakuna shahidi dhaifu kuizidi.

Udongo huitwa kichanga, tifutifu au mfinyanzi kutokana na ukubwa wa chembe zake. Chembe za mchanga zina upana wa kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Zinazofuata, mpaka milimita 0.002, ni silti, na zote zilizo ndogo kuliko hapo ni mfinyanzi. Rangi haimo katika hesabu hiyo. Weusi unaweza kuletwa na mboji, au na unyevu tu, kwa kuwa udongo uleule ukilowa hukolea. Wekundu huletwa na madini ya chuma. Kuna kichanga chekundu na kuna mfinyanzi wa kijivu, na simu nazo zina tabia ya kuongeza mwanga zenyewe, hata udongo uliopigwa picha kivulini ukatoka mweupe kuliko ulivyo.

Je, picha haina faida? Inayo, ila mtazamaji ajue anachokitafuta. Mchanga mkubwa huonekana chembe moja moja. Silti na mfinyanzi hazionekani hata picha ikuzwe vipi, lakini namna zilivyoshikana huonekana vizuri sana. Kwa hiyo jicho litafute mabonge, nyufa, mng'ao na kuta za shimo.

Shimo lililochimbwa kwenye kichanga kikavu halikai na kuta zilizonyooka. Mchanga huporomoka na kulijaza shimo tena. Fungu lake huwa halina mabonge, au mabonge yake yana kingo zilizokwisha kumomonyoka. Mfinyanzi ni kinyume chake. Ukikatwa ukiwa na unyevu, ubapa wa jembe huacha sehemu laini inayong'aa, na alama ya ukingo wa jembe hubaki pale pale. Ukikauka huwa mabonge yenye pembe kali na nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza kidole. Tifutifu iko kati: bonge lake huvunjika likawa vipande vidogo vya ukubwa tofauti, visivyong'aa wala kumwagika.

Tifutifu kamili si aina ya chembe, ni mchanganyiko. Mfano wake wa kawaida ni mchanga asilimia 40, silti asilimia 40 na mfinyanzi asilimia 20 tu. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba mfinyanzi kidogo namna hiyo unatosha, lakini chembe zake ni ndogo na nyingi mno, nazo hutawala tabia ya udongo wote mapema. Zikifika asilimia 40 hivi, udongo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mfinyanzi, hata kama sehemu kubwa iliyobaki ni mchanga.

Mtego mkubwa wa macho uko kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu, ule wa mashamba ya kahawa na chai, kama unaoonekana Kabete karibu na Nairobi. Kwenye picha huonekana tifutifu ya kupendeza: punjepunje, mwepesi, hauna nyufa. Kumbe ni mfinyanzi. Madini ya chuma yamezigandisha chembe zake ndogo zikawa punje imara, na kila punje hujifanya mchanga. Maji hupenya kwa urahisi, mizizi hushuka bila taabu, na mkulima hana sababu ya kulalamika. Lakini mtu akiuhukumu kwa picha peke yake atakosea jina, na pengine akosee pia kipimo cha mbolea na chokaa, kwa sababu mfinyanzi hushikilia virutubisho kwa namna ambayo mchanga hauwezi.

Hapo ndipo mkono unapohitajika, na yeyote aliyeko shambani anaweza kuutumia huku mwenzake akirekodi.

Huchukuliwa udongo wa kujaza kiganja nusu, hutolewa mawe na mizizi, kisha hutiwa maji tone kwa tone na kukandwa mpaka mabonge yote yaishe. Usiwe uji, wala usiwe mkavu kiasi cha kupasuka. Kwanza hufinyangwa donge. Donge likikataa kushikana, huo ni mchanga. Likishikana, huwekwa kati ya kidole gumba na cha shahada, nacho gumba husukuma udongo kwenda mbele ukatoka kama utepe, ukaachwa uning'inie mpaka ukatike wenyewe. Utepe huo hupimwa kwa rula. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, udongo uko katika kundi la tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu ya kimfinyanzi. Ukipita 5, ni mfinyanzi. Donge likishikana lakini utepe ukagoma kabisa kutoka, ni kichanga chenye mfinyanzi kidogo.

Kisha kipande kidogo hulowekwa sana kiganjani na kusuguliwa kwa kidole. Kikikwaruza, mchanga ni mwingi. Kikiteleza bila kunata, silti ndiyo nyingi, na silti ndiyo hasa ambayo picha haiwezi kuitambua: ikikauka hugandamana na kujifanya mfinyanzi, ila bonge lake hupukutika likiminywa kidogo.

Kwa ule udongo mwekundu, siri ni kukanda kwa muda mrefu. Dakika ya kwanza utepe wake hutoka mfupi. Ukiendelea kukandwa dakika kadhaa, zile punje huvunjika, mfinyanzi uliofichwa ndani huachiliwa, na utepe hurefuka. Utepe unaorefuka kadiri mkono unavyokanda ni ushahidi ambao hakuna kamera ya kuuona.

Turudi Kwimba, kwa kuwa Usukuma ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na makao yake Amani, Tanga, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, aina moja ikifuatwa na nyingine. Akaupa mpangilio huo jina la katena. Wasukuma walikuwa na majina yao ya sehemu hizo: luseni, udongo wa kichanga wa juu, itogolo, ulio chini zaidi mteremkoni, wenye tabaka gumu, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Mtu anayejua shamba liko wapi kwenye mteremko ameshajua nusu ya jibu kabla ya kufungua picha.

Tuseme basi picha ya dalali inaonyesha udongo wa juu, mweupe-mweupe, chembe zinaonekana, fungu limetawanyika bila mabonge. Mnunuzi anasema ni luseni, ardhi ya karanga, mihogo na viazi vitamu. Rafiki yake aliye bwana shamba anakataa kutoa jibu. "Hiyo ni ngozi tu," anasema. "Mwambie achimbe nusu mita, apige picha ya ukuta wa shimo, na rula iwemo." Ana sababu. Mvua huosha chembe ndogo juu ya ardhi na kuacha mchanga mtupu, kwa hiyo picha ya uso wa shamba karibu kila mara huonyesha mchanga mwingi kuliko uliopo.

Picha ya pili inafika. Sentimita 20 za juu ni zile zile za kumwagika. Chini yake mstari umekatika ghafla: udongo wa kijivu, mabonge marefu yaliyosimama wima, nyufa katikati yake, na jembe limeacha alama inayong'aa. Utepe wa udongo wa juu ulikatika kwenye sentimita 1.5. Ule wa chini ulifika 6.

Yule bwana shamba anaomba na chupa. Chupa ya wazi yenye pande zilizonyooka hujazwa udongo uliopondwa mpaka theluthi, hutiwa maji karibu ijae na kijiko cha sabuni ya unga ili chembe ziachane, kisha hutikiswa dakika tano au zaidi na kuwekwa mahali pasipotikisika. Baada ya dakika moja huchorwa mstari juu ya kilichotua: huo ni mchanga. Baada ya saa mbili huchorwa wa pili, kwa silti. Mfinyanzi hungojwa siku nzima au zaidi, na maji yakiwa bado ya maziwa-maziwa, kazi haijaisha. Tuseme tabaka la chini limetoa kimo cha sentimita 10 kwa jumla: mchanga 4, silti 1, mfinyanzi 5. Yaani asilimia 40, 10 na 50. Ni mfinyanzi. Asilimia hizo zichukuliwe kwa tahadhari, kwani mfinyanzi uliolowa huvimba na kujaza nafasi kubwa kuliko uzito wake, lakini hata ukipunguzwa kidogo hukumu haibadiliki.

Kwa hiyo shamba hilo si luseni, ni itogolo. Karanga zingeota vizuri mwanzoni, kisha mvua kubwa ikinyesha maji yangekwama juu ya tabaka lile na mizizi ikakosa hewa. Kwa upande mwingine, maji hayo hayo yanayokwama ndiyo mkulima wa mpunga anayoyatafuta, na ndiyo maana katika miteremko ya chini ya Usukuma utakuta majaruba. Shamba si baya. Lilikuwa linauzwa kwa jina lisilo lake.

Mnunuzi aliye mbali na aombe picha tatu kabla ya kutaja bei: ukuta wa shimo la nusu mita kivulini pamoja na rula, bonge lililovunjwa kwa mkono bila kukatwa, na utepe wa kila tabaka ukiwa umening'inia kando ya rula hiyo hiyo. Aulize pia shamba liko juu, katikati au chini ya mteremko. Na kama pesa ni nyingi, nusu kilo ya kila tabaka, katika mifuko tofauti iliyoandikwa kina chake, ipelekwe maabara ya udongo kama ya Mlingano kule Tanga, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.