Mistari Minne Chini ya Barua Pepe

Mtalii aliyeko Hamburg anapopata barua pepe kutoka kampuni ya Arusha asiyoijua, ikimwomba atangulize malipo ya safari ya Serengeti, ana haki ya kusita. Humaliza kusoma, kisha jicho likashuka chini, kwenye saini. Mara nyingi hukuta nembo kubwa, picha ya simba, alama za mitandao ya kijamii na msemo kuhusu mafanikio. Hakuna hata kimoja kinachomsaidia, kwa kuwa tapeli naye anaweza kuvibandika vyote.

Kinachomtuliza mgeni ni kile anachoweza kukihakiki bila kumuuliza aliyemwandikia.

Mistari minne yatosha. Wa kwanza ni jina kamili na cheo. Wa pili, ambao wengi huukosea, ni jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, pamoja na namba ya usajili. Kampuni nyingi za utalii hujitangaza kwa jina moja huku akaunti ya benki ikiwa na jina jingine. Mgeni akiliona hilo jina geni kwa mara ya kwanza kwenye ankara, hushtuka na kuacha kulipa. Yakitajwa yote mawili mapema, hofu hiyo haizuki. Kwa mteja Mwingereza jambo hili si geni: tangu 2007 sheria ya kwao huzitaka kampuni kuonyesha jina lililosajiliwa, namba na anwani ya ofisi hata katika barua pepe.

Mstari wa tatu ni simu na mahali. Namba ianze na +255, sifuri ya mwanzo ikiondolewa, na jengo au mtaa utajwe, kwani sanduku la posta peke yake halionyeshi ofisi ilipo.

Wa nne ni tovuti na uanachama mmoja. TATO, chama cha mawakala wa utalii kilichoanzishwa 1983, huorodhesha wanachama wake mtandaoni, hivyo mgeni hupata jibu kwa dakika chache. Beji ambayo haina orodha ya wazi nyuma yake ni pambo tu, iachwe. Tovuti nayo ifanane na anwani iliyo baada ya alama ya @. Barua ikitoka Gmail ilhali kampuni ina tovuti yake, shaka hurudi.

Yote yaandikwe kwa maandishi ya kawaida. Outlook mara nyingi huzuia picha zinazopakuliwa kutoka mtandaoni, na saini iliyotengenezwa kama picha hugeuka kisanduku kitupu.

Hata hivyo, saini nzuri inaweza kunakiliwa neno kwa neno. Ndiyo maana mgeni makini, kabla ya kutuma fedha, hupiga namba aliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, na kampuni makini humwomba afanye hivyo.