Shairi linapotiwa picha: jicho lipewe ambalo sikio halikuambiwa



Ndugu msomaji, Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kisa cha Ansari aliyemchukua mgeni wa Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake, ilhali hapakuwa na chakula ila cha watoto. Mkewe akawalaza watoto, kisha akainuka kama anayeitengeneza taa, akaizima. Wakakaa gizani wakijifanya wanakula pamoja na mgeni, na usiku ule wakalala na njaa. Ndipo ikateremka aya ya 9 ya Suratul Hashr, inayowasifu wenye kuwatanguliza wenzao ijapokuwa wao wenyewe ni wahitaji.

Kisa hiki kilitusaidia pale vijana wa madrasa walipotuomba tuligeuze shairi la Ramadhani kuwa filamu fupi ya katuni, ili wazee na watoto waitazame pamoja. Ubeti tulioutunga ni huu:

Jua lilikwisha zama, adhana ikasikika,
Tukaketi naye mama, futari ikapangika,
Tukala kwa taadhima, na njaa ikaondoka,
Mama 'kanena kwa wema: Kuleni, nimeridhika.

Vina vya kati ni "ma", vya mwisho ni "ka", na kila mshororo una mizani 16, yaani nane za ukwapi na nane za utao. Anayesema ni mtoto. Yeye ameona futari, amekula, ameshiba, na amemsikia mama akisema ameridhika. Zaidi ya hapo hajui kitu.

Katika jaribio la kwanza tulichora kila neno. Jua lilipotajwa tulichora jua, adhana ilipotajwa tulichora mnara, na mama aliponena tulimchora akitabasamu. Tulipowaonyesha watoto wa madrasa na kuwauliza wameona nini, wote walijibu kuwa watu wamefuturu wakashiba. Jibu hilo wangelipata hata kwa kufumba macho. Kazi ya siku nyingi ya mkono haikuongeza lolote juu ya sauti.

Tuliurudia ubeti na kuuliza swali jingine: ni lipi ambalo mtoto huyu hakuliona? Jibu lilikuwa katika neno la mwisho. Mama hakusema "nimeshiba", kwani huo ungekuwa uongo. Alisema "nimeridhika". Neno hilo aweza kulisema aliyeshiba, na aweza kulisema mwenye njaa aliyeridhika na alichokadiriwa na Mola wake. Sikio peke yake halitambui ni ipi kati ya maana hizo mbili. Hapo ndipo picha ilipopata kazi yake.

Basi tukapanga hivi. Sauti ilitangulia. Kijana mmoja aliughani ubeti bila ala, ukachukua sekunde 24, yaani sita kwa kila mshororo. Kisha tukachora kwa penseli vijipicha vichache, tukaviweka chini ya sauti ile na kuvitazama mara nyingi kabla ya kuanza kazi ya wino. Kosa linalogunduliwa katika penseli hugharimu karatasi moja tu.

Katika mshororo wa kwanza hatukuchora jua. Tulichora kivuli cha nondo za dirisha kikipanda ukutani hadi kikafifia. Mshororo wa pili unasema futari ikapangika, na hapo mkono wa mama unaweka tende katika sahani: moja, mbili, tatu, kisha unaugeuza mfuko na hakuna kinachodondoka. Mkekani kuna vikombe vinne. Hakuna neno lililozitaja hesabu hizo, bali jicho huhesabu lenyewe. Mshororo wa tatu una mikono mitatu midogo ikichukua tende. Katika wa nne, mkono wa mama unakishika kikombe cha maji. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kufuturu kwa tende, na asiyepata afuturu kwa maji. Hivyo mama ametimiza Sunna, wala hakuna aliyetambua kwamba amenyimika.

Neno "nimeridhika" linapokwisha, sauti hunyamaza kwa sekunde tano. Picha inabaki kwenye sahani yenye kokwa tatu, na pembeni yake kikombe kitupu. Awali tuliufuatisha ubeti wa pili papo hapo, na watazamaji hawakuziona kokwa, kwa sababu masikio yao yalikwisha kimbilia maneno mapya. Kina kikishatua, msikilizaji huhisi jambo limekamilika. Picha yenye habari yake inahitaji kupewa nafasi baada ya hapo.

Hali kadhalika tulijifunza kutobadilisha picha kila kina kinapogonga. Vina vyenyewe vinapiga mwendo, na picha ikiruka pamoja navyo filamu huwa kama saa ya ukutani. Tulibadilisha mahali pa kupumua, kati ya ukwapi na utao, au kabla kidogo ya kina, ili jicho litangulie na neno likute picha imekwisha tulia.

Kuhusu wingi wa kazi, sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hushikwa kwa picha mbili. Hivyo sekunde 24 zikitembea zote zadai michoro 288. Sisi tuliacha kitu kimoja tu kitembee kwa wakati mmoja: kivuli, mkono wa mama, mikono ya watoto, kikombe. Kila mwendo ulichukua sekunde mbili, ikawa michoro 96. Utulivu wa sehemu iliyobaki haukuwa hasara, kwani ndio uliolielekeza jicho kwenye tende.

Wapo watakaouliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Wanazuoni wametofautiana katika jambo hili, na wapo wanaolegeza pale ambapo kichwa na uso havikuchorwa. Sisi tulichora mikono, vivuli na vyombo pekee. Tahadhari hiyo iliufaa pia ubeti, maana uso wa mama ungetulazimisha kuchagua kati ya tabasamu na huzuni.

Kijana mmoja alipendekeza tuongeze chozi likidondokea mkekani. Tulikataa. Picha yaweza kuongeza juu ya neno, lakini haifai kulikanusha. Mama amesema ameridhika, na chozi lingemfanya aonekane hakusema kweli.

Namna ya kuipima kazi kama hii ni rahisi. Zima sauti utazame. Ukiweza kuusoma ubeti kutoka kwenye picha, picha zimerudia maneno. Kisha fumba macho usikilize. Ikiwa hukukosa kitu, picha hazikuwa na kazi. Na ukitazama na kusikiliza kwa pamoja, pasipatikane jambo linalopingana. Kuna mpaka pia: ubeti ambao umekwisha sema kila kitu, kama ule wa nasaha tupu, haumwachii mchoraji nafasi, na ni afadhali ughaniwe tu.

Tulipoionyesha filamu mara ya pili, ukumbi ulikuwa kimya zile sekunde tano. Kisha mtoto wa kike wa miaka kama saba alimgeukia mama yake akamwuliza: "Mama, na wewe jana ulikula nini?" Mama yule alimvuta karibu, wala hakumjibu.

Yule mke wa Ansari aliizima taa ili mgeni asione. Mama wa ubeti wetu naye aliizima kwa neno moja. Kazi ya picha ilikuwa kuiwasha tena kwa watoto wanaotazama, bila ya kumwaibisha aliyeizima.