Mashine ya Matangi Mawili: Siri Iko Kwenye Kukamua

Mashine ya kufulia yenye matangi mawili inafaa sana nyumba ambayo maji yanatoka kwa mgao. Haidai bomba lenye presha. Unaweza kuijaza kwa ndoo kutoka kwenye pipa, na wewe mwenyewe ndiye unayeamua maji yaingie lini na yatoke lini. Lakini wengi wanaitumia nusu tu. Wanafua upande mmoja, wanasuuza kwenye beseni mara tatu au nne, kisha wanakumbuka tangi la pili mwishoni kabisa, nguo zikiwa tayari kwenda kwenye kamba. Tangi hilo la kukamulia lilipaswa kufanya kazi tangu mwanzo, kila nguo inapotoka kwenye maji yoyote, ya sabuni au ya kusuuzia.

Tangi kubwa ndilo la kufulia. Chini yake kuna sahani yenye matuta, inayozungushwa na mota kwa njia ya mkanda. Sahani huzunguka upande mmoja kwa sekunde kadhaa, ikatulia kidogo, kisha ikarudi upande wa pili. Kugeuka huko ndiko kunakozuia nguo zisijisokote. Maji hupanda pembeni na kuvuta nguo kushuka katikati, na msuguano wa nguo kwa nguo ndani ya maji yale ndio unaong'oa uchafu. Kwa hiyo nguo zinahitaji nafasi. Itazame nguo iliyo juu: ikizama na kuibuka tena baada ya muda mfupi, umeweka kiasi sawa. Ikibaki palepale inatikisika tu, toa nguo mbili tatu au ongeza maji.

Tangi dogo lina mota yake peke yake. Ndani yake kuna kikapu chenye matundu kinachozunguka mara 1,300 hivi kwa dakika. Nguo zinabanwa kwenye ukuta wa kikapu, maji yanapenya kwenye matundu, yanashuka chini na kutoka kwa mpira wa maji machafu. Nguo za pamba zilizotolewa majini bila kukamuliwa hubeba zaidi ya lita 2 za maji kwa kila kilo ya nguo kavu. Baada ya dakika mbili tu za kuzungushwa, hubaki chini ya lita moja.

Hapo ndipo faida ilipo. Chukua kilo 3 za nguo zilizobeba lita 6 za maji ya sabuni, uzitie kwenye lita 40 za maji safi. Karibu sehemu moja kati ya nane ya maji hayo ya kusuuzia itakuwa maji yaleyale ya sabuni. Zikamue kwanza hadi zibaki na lita 2, na sehemu hiyo inashuka hadi moja kati ya ishirini na moja. Ndiyo maana nguo iliyokamuliwa katikati hutakata kwa maji mawili ya kusuuzia, wakati isiyokamuliwa huhitaji maji ya tatu.

Sasa namna ya kuhamisha. Rudisha taima ya kufulia kwenye sifuri, uhakikishe sahani imesimama, ndipo uingize mikono. Inua nguo moja moja, iache ichuruze kidogo juu ya tangi ili maji ya sabuni yasipotee bure, kisha ipange ndani ya kikapu. Usitupie bonge zima. Zungusha nguo ukutani pande zote, nzito kama jinzi na taulo zikae chini, nyepesi juu, zisipite ukingo wa kikapu. Zisukume chini kwa viganja, halafu weka kile kifuniko chembamba cha plastiki juu ya nguo. Watu wengi hukitupa wakidhani hakina kazi, kumbe ndicho kinachozuia soksi isiruke nje ya kikapu na kukwama kati ya kikapu na tangi.

Tuseme una mikupuo mitatu ya kilo 3 hivi: mashuka na mashati meupe ya shule, nguo za rangi hafifu, kisha jinzi na nguo nyeusi. Kanga mpya inayochuja rangi iende na mkupuo wa mwisho au peke yake. Jaza lita 40, ndoo mbili kubwa, utie sabuni, ufue nyeupe kwa dakika kama nane. Zihamishie kwenye kikapu, na papo hapo tia za rangi hafifu kwenye maji yaleyale. Matangi yote mawili yanafanya kazi kwa pamoja. Nyeupe zikishakamuliwa dakika mbili, ziweke kwenye beseni. Kina cha maji kitakuwa kimeshuka, basi ongeza nusu ndoo na sabuni kidogo kabla ya kila mkupuo unaofuata.

Nyeusi zikitoka, mwaga maji ya sabuni, jaza safi, na uanze tena na nyeupe: dakika tatu nne za kusuuza, dakika moja ya kukamua, kisha rangi hafifu, kisha nyeusi. Rudia kwa maji ya pili, na safari hiyo kamua dakika nne au tano, ukianika moja kwa moja. Pamoja na maji ya kuongezea, utatumia ndoo 8 hivi za lita 20. Ukimpa kila mkupuo maji yake matatu, ni ndoo 18. Nepi, na nguo zilizojaa tope, zifue kwa maji yake.

Mashine ikiwa na tatizo, kwa kawaida utalisikia kabla ya kuliona. Kikapu hutikisika kidogo kinapoanza, kisha hutulia kwa mlio mmoja. Kikigonga mfululizo, uzito umeegemea upande mmoja: fungua kifuniko, subiri kisimame, panga upya. Blanketi moja peke yake halitulii, liwekee taulo lililolowa upande wa pili. Kikivuma kwa shida bila kushika kasi, angalia mpira wa maji. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu, na mpira ukiinuliwa au ukikunjwa, maji au povu hubaki chini ya kikapu na kukizuia.

Kuna ishara moja isiyovumiliwa. Ukifungua kifuniko cha kukamulia, umeme wa mota unapaswa kukatika na breki ikashika kikapu ndani ya sekunde chache. Kikiendelea kuzunguka, waya wa breki umelegea au kipande cha breki kimeisha. Usitie mkono kamwe, kwa sababu nguo inaweza kujisokota kwenye vidole na kuvuta mkono mzima. Zima kwenye soketi, mwite fundi, na watoto wakae mbali. Makoti ya mvua na nguo zisizopitisha maji zisikamuliwe kabisa, kwa kuwa hushika maji upande mmoja na kuirusha mashine nzima.

Unapokwenda dukani, usiangalie kilo zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya mashine tu, kwa kuwa hizo ni za tangi la kufulia. Muulize muuzaji tangi la kukamulia linabeba kilo ngapi. Mara nyingi ni pungufu sana, na hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa kila mkupuo wako.