Kufungua Kopo la Rangi Bila Kupinda Ukingo Wake

Kifuniko cha kopo la rangi la bati hakizungushwi kama cha chupa, wala hakina mpira wa kuzuia hewa. Kinachokishika ni kubanana kwa bati na bati. Mdomo wa kopo umezungukwa na mfereji mwembamba, na kifuniko kimeumbwa kwa kipimo kinachokilazimu kujisukuma ndani ya mfereji huo mpaka kuta zake zigusane pande zote. Rangi inabaki salama kwa sababu ya mguso huo tu. Ukingo ukipinda mahali pamoja, hata kwa upana wa ukucha, kuta hazigusani tena hapo na hewa inapata njia.

Kwa rangi ya mafuta, njia hiyo ni hasara. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza kimiminika chake peke yake. Inakauka hasa kwa kuingiliana na oksijeni ya hewa. Hewa inayopenya kidogo kidogo inajenga utando juu ya rangi, na utando huo unaendelea kunenepa kadiri hewa inavyoingia. Rangi ya maji, kwa upande wake, inapoteza maji na kuwa nzito. Ikiwa kopo lake ni la bati, palipopindika na kukwaruzwa hushika kutu, na chembe za kutu huangukia ndani ya rangi.

Ukingo hupindika kwa sababu ya nguvu ya wenzo. Bisibisi inapochomekwa chini ya ukingo wa kifuniko na kuegemezwa kwenye mdomo wa kopo, ncha yake inakuwa kama milimita 5 kutoka kwenye egemeo, ilhali mkono ulioshika mpini uko sentimita 20 upande wa pili. Uwiano huo ni mara 40. Mkono ukigandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 5, ncha inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 200, tena kwenye kipande cha bati kisichozidi upana wa ncha yenyewe. Wakati huo sehemu nyingine yote ya kifuniko bado imebanwa. Kwa kuwa kifuniko hakiwezi kutoka, bati linakubali kupinda. Ndiyo maana kopo lililofunguliwa kwa mkandamizo mmoja mkubwa hubaki na alama ya ulimi ulioinuka, na ulimi huo ndio mlango wa hewa.

Dawa yake ni kutekua kidogo mahali pengi. Chukua mfano wa kopo la lita 4 la rangi ya mafuta, lililobaki nusu baada ya kupaka milango, likafungwa mfereji ukiwa umejaa rangi na kuwekwa stoo kwa miezi sita. Rangi ile imekauka na kuwa gundi kati ya kifuniko na kopo. Kabla ya kutekua chochote, gundi hiyo inapaswa kukatwa. Ncha ya kisu kikuukuu hupitishwa taratibu kwenye mstari kifuniko kinapokutana na mdomo wa kopo, mzunguko mzima, kisha mabaki yaliyovunjika yanafagiwa kwa brashi kavu ili yasiangukie ndani baadaye. Mahali pagumu zaidi hudondoshewa tapentaini kidogo na kuachwa kwa dakika 15 au 20. Tapentaini hailainishi sana rangi iliyokwisha kukomaa, lakini inasaidia pale ambapo rangi bado ina unyevu kwa ndani. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kikizungushwa juu ya ukingo, nacho kinalegeza. Moto wenyewe haufai kabisa kukaribia: mvuke wa rangi ya mafuta unawaka, na kopo lililofungwa likipashwa moto linajenga shinikizo ndani. Kwa sababu hiyohiyo, kopo lililokaa juani huachwa kwanza kivulini lipoe.

Kifaa cha kutekulia kiwe bapa na kipana. Mpini wa kijiko kigumu cha chuma unafaa kuliko bisibisi nyembamba, kwa sababu unasambaza nguvu kwenye eneo kubwa la bati. Bisibisi ikitumika, iwe ile bapa yenye ncha pana, na isichomekwe kwa kina: ncha ishike chini ya mkunjo wa ukingo wa kifuniko tu, bila kugusa ukuta wa ndani wa mfereji.

Mzunguko wa kifuniko cha kopo hili unakaribia nusu mita. Ukitekua kila baada ya sentimita 4 hivi, unapata vituo 12. Katika mzunguko wa kwanza, mpini hukandamizwa kidogo sana, kiasi cha kusikia bati likilia “tik”, kisha mkono unaachia na kuhamia kituo kinachofuata. Hakuna kinachopaswa kuonekana kimeinuka. Kazi ya mzunguko huu ni kuvunja gundi tu. Katika mzunguko wa pili, ukingo unaanza kupanda kwa unene wa karatasi ngumu. Katika wa tatu, kwa kawaida kifuniko kinalegea chote kwa pamoja na kuinuliwa kwa vidole. Kituo kinachokataa kisilazimishwe. Hurukwa, vilivyo jirani vikalegezwa zaidi, kisha hurudiwa. Alama ya hatari ni kuona bati likiinuka chini ya ncha huku kifuniko sentimita 2 pembeni hakijasogea. Hapo bati linapinda, na mkono unapaswa kuachia mara moja.

Kifuniko kilichotoka salama kinaweza kuharibiwa wakati wa kufunga. Mfereji ukijaa rangi tena, kifuniko hakifiki chini, na kinachofuata ni gundi ileile. Mara nyingi rangi hufika mferejini kwa sababu brashi inafutwa kwenye mdomo wa kopo. Waya au kamba ikifungwa katikati ya mdomo, brashi hufutwa hapo na matone yanarudi ndani. Kazi ikiisha, mfereji na ukingo wa kifuniko hupanguswa kwa kitambaa mpaka bati lionekane.

Kifuniko huwekwa sawa juu ya mdomo, kisha ubao bapa unaokifunika chote unalazwa juu yake. Nyundo hugonga ubao, siyo kifuniko, kwa mapigo mepesi yanayopishana: upande mmoja, kisha upande unaoukabili. Kugonga upande mmoja mpaka ushuke kabla ya kuhamia mwingine kunakiinamisha kifuniko, na kutoka hapo ukingo hupindika kirahisi. Kimekaa vizuri pale kimo chake kinapokuwa sawa pande zote na mlio wa nyundo unapogeuka kutoka mwepesi hadi mzito.

Ukingo uliokwisha kupinda kidogo unaweza kunyooshwa. Kifuniko kinalazwa juu ya ubao mgumu, ulimi ukibanwa kwa koleo taratibu au kugongwa kwa kipande cha mbao mpaka ulingane na sehemu nyingine. Bati lililokunjika mpaka likapasuka, au mdomo wa kopo wenyewe ulioingia ndani, haurudi tena kuwa wa kuzuia hewa. Rangi iliyobaki kwenye kopo kama hilo huhamishiwa kwenye kopo dogo safi lenye kifuniko kizima, lililojaa karibu na ukingo, ili hewa inayofungiwa humo iwe chache.