Rimoti ya Kiyoyozi Hutuma Hali Nzima

Rimoti ya televisheni hutuma alama ya kitufe kilichobonyezwa, basi. Ya kiyoyozi, mara nyingi, hutuma hali yote kila inapobonyezwa: kuwaka au kuzima, nyuzijoto, kasi ya feni. Kumbukumbu iko kwenye rimoti, si ukutani.

Kwa hiyo anayetaka kiyoyozi chake cha zamani kijiwashe saa 11 jioni hanasi kitufe, hunasa hali. Rimoti huwekwa nyuzi 25, huelekezwa kwenye kipokezi cha infraredi cha kilohezi 38 kilichounganishwa na kibodi cha ESP8266, kisha hushushwa hadi 24. Mimweko iliyonaswa ndiyo “poza, 24”. Nyuzi 26 hunaswa peke yake, na kuzima vilevile.

Ujumbe huu ni mrefu. Nafasi ya kuuhifadhi ikiwa finyu, mkia hukatika na kiyoyozi hakiitiki. Dalili yake ni rekodi zinazokoma palepale kila mara.

Kiyoyozi nacho hakijibu chochote. Kipimajoto kwenye tundu la hewa husaidia: baada ya dakika 10 hewa ikiwa bado vuguvugu, amri hutumwa tena. Kurudia hakudhuru, ila kwa mashine ambazo mwako uleule huwasha na kuzima.