Amana Imeiva, Hesabu Iko Wapi?

Mwenye duka la vitambaa anaweka shilingi 10,000,000 kwenye amana ya muda maalumu, anaambiwa riba ni asilimia 9, na baada ya miezi sita anapokea 10,403,890.41. Anakuna kichwa. Kichwani mwake asilimia 9 ya milioni kumi ni laki tisa, sasa hizi laki nne zimetoka wapi, na nyingine zimekwenda wapi?

Mfano huu ni wa kutunga, lakini mkanganyiko wenyewe hutokea kila siku kwenye kaunta za benki. Hakuna aliyemwibia. Asilimia 9 aliyotajiwa ni ya mwaka mzima, na fedha zake zimelala benki nusu mwaka tu. Ila hilo halimtoshi mtu kukunja karatasi na kuondoka, kwa sababu hesabu ya amana ni nyepesi kiasi cha kufanywa kwa kikokotoo cha simu, na makosa yakiwepo huonekana.

Kinachotangulia ni siku. Tuseme fedha ziliwekwa tarehe 3 Machi 2025, zikaiva tarehe 1 Septemba 2025. Kwa desturi ya benki, siku ya kuweka huhesabiwa na siku ya kuiva haihesabiwi, kwa hiyo hapo kuna siku 182. Milioni kumi mara asilimia 9 ni 900,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 365, upate 2,465.75, ambayo ndiyo riba ya siku moja. Ukizidisha kwa siku 182 bila kukata desimali katikati, riba yote ni 448,767.12.

Namba ile ya siku moja inafaa kuandikwa pembeni. Karatasi ya benki ikipungua au kuzidi kwa shilingi 2,465 na ushei, karibu kila mara kuna siku iliyohesabiwa vibaya. Ikionyesha 455,000 kamili, huenda mwaka umehesabiwa kuwa na siku 360, na ikiwa 450,000, mtu amechukua nusu mwaka bila kujali siku. Kipi ni halali? Jibu liko kwenye mkataba au barua ya uthibitisho aliyopewa mteja siku ya kuweka fedha, si kwenye maelezo ya mdomo ya kaunta. Karatasi hiyo wengi huitupa, na hapo ndipo ubishi unapokosa ushahidi.

Baada ya riba inakuja kodi ya zuio. Tanzania hukatwa asilimia 10, nayo hukatwa kwenye riba peke yake. Mtaji hauguswi. Kwa mama wa vitambaa ni 44,876.71, zinabaki 403,890.41, na hizo zikijumlishwa na milioni kumi zinatoa kiasi alichopokea, senti kwa senti. Kenya kiwango cha riba ya benki ni asilimia 15, hivyo anayeweka fedha pande zote mbili za mpaka asishangae mapato yakitofautiana ingawa riba ni ileile.

Baadhi ya taarifa hazionyeshi kodi kabisa. Zina mstari mmoja tu wa riba iliyoingia, nayo tayari imeshakatwa. Hapo hesabu hurudishwa nyuma: gawanya 403,890.41 kwa 0.9, utapata riba kabla ya kodi, 448,767.12. Isipokaribiana na ile uliyojipigia mwenyewe, omba mchanganuo wa maandishi. Na kama riba ilikuwa ikilipwa kila robo mwaka, kodi ilikatwa kila robo, hivyo karatasi ya mwisho itaonyesha kipande cha mwisho tu. Usiilinganishe na riba ya kipindi chote bila kukusanya malipo ya nyuma.

Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania, makato hayo ndiyo kodi ya mwisho juu ya riba hiyo. Kampuni ni tofauti: riba inaingia kwenye mapato yake ya mwaka, na kilichozuiwa hupunguzwa kwenye kodi inayodaiwa, mradi ipo hati ya kodi ya zuio. Mhasibu asiyeidai hati hiyo benki mapema huitafuta kwa jasho wakati wa kufunga hesabu.

Kuna mstari mmoja zaidi wa kutazama, ule wa maelekezo ya siku ya kuiva. Mteja akiwa hakusema chochote, benki nyingi huiendeleza amana kwa kipindi kingine, kwa riba ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa asilimia 7 badala ya 9. Mwenye kuhitaji fedha zake akija wiki mbili baadaye, atakuwa anavunja amana mpya kabla ya wakati, na kwa mikataba mingi riba ya wiki hizo hupungua au hupotea kabisa. Kwa hiyo barua ya kutoiendeleza ipelekwe kabla ya siku ya kuiva, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwa mteja.