Mtoto Anacheua au Anatapika?

Juzi mama mmoja aliniletea mvulana wa wiki 5. Majirani walimwambia ni mchango tu, utapita. Lakini mchango humliza mtoto kwa saa nyingi, hasa jioni; haurushi maziwa. Nikamwuliza yanatokaje.

"Yanaruka mbali, daktari, na papo hapo anataka titi tena."

Jibu hilo lilinitia wasiwasi. Mtoto anayecheua, maziwa humtiririka tu kinywani, kwa kuwa mlango wa juu wa mfuko wa tumbo bado ni mlegevu. Anaongeza uzani na nepi zinalowa kama kawaida. Huyo mnyonyeshe kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, kisha mwegemeze begani, umpigepige mgongo taratibu hadi abeue, na umshike wima kwa dakika 20 hivi. Wakati wa kulala mlaze chali. Wengi huogopa atapaliwa, lakini kulala kifudifudi ndiko kwenye hatari.

Mvulana yule alikuwa amepungua uzani, na tangu asubuhi alikuwa amelowesha nepi moja tu. Msuli wa mlango wa chini wa mfuko wa tumbo ulikuwa umenenepa, maziwa hayapiti. Aliongezwa maji na chumvi kupitia mshipa kwanza, ndipo akapasuliwa. Siku iliyofuata alikuwa akinyonya.

Ukiona matapishi ya kijani au yenye damu, au tumbo limevimba, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitalini usiku huohuo.